Aliye Peke Yake Si Yatima

Katika mashamba ya chai ya Nyacheki kuna hukumu inayotolewa haraka mno. Mchumaji ameinama, mkono unapenya kati ya matawi, na chini ya mchai anaona kitu chenye manyoya kisichojaza kiganja, macho hayajafunguka vizuri. Anatazama huku na huku, paka mkubwa haonekani. Basi, huyu ametupwa! Mtoto wa paka anatiwa mfukoni, anapelekwa bomani, anawekwa kwenye katoni karibu na jiko na kutengewa kisahani cha maziwa ya ng'ombe. Siku mbili tatu baadaye anafukiwa nyuma ya migomba, na watoto wa boma wanaambiwa kwamba alikuwa amekwisha kudhoofika tangu mama yake alipomkimbia.

Mimi nasema mama yake hakumkimbia. Mara nyingi katika visa vya namna hii mama yu hai, ana maziwa, na atarudi akiachiwa nafasi. Aliyemtenga mtoto na mama ni yule aliyeokota.

Kauli hii ya kwamba aliye peke yake ni yatima isingeleta madhara makubwa kama isingekuwa na mwenzake. Mwambie aliyemwokota amrudishe pale pale alipomtoa, naye atakujibu: "Haiwezekani tena, mama, nimeshamshika. Paka akinusa harufu ya mtu kwa mtoto wake humkataa, hata kumla." Angalia jinsi kauli hizi mbili zinavyofanya kazi pamoja. Ya kwanza inamtoa mtoto kiotani, ya pili inamfungia njia ya kurudi. Ingetosha moja kuwa kweli ili tulaumu paka, lakini zote mbili hazina msingi, na nitazichukua moja baada ya nyingine.

Paka wa huku Bobasi hafugwi kwa kubembelezwa. Anafugwa kwa ajili ya panya wa ghala la mahindi. Hupata mabaki ya ugali na matone ya maziwa wakati wa kukamua, yaliyobaki ajitafutie. Sasa mpe paka huyo watoto wanne wa kunyonyesha. Paka anayenyonyesha huhitaji chakula mara mbili au tatu ya kile alichokuwa akila kabla ya kubeba mimba, na chakula hicho hakimfuati kiotani. Lazima atoke. Siku za mwanzo kabisa hutoka kidogo sana, hula na kurudi mbio, kwa sababu watoto wachanga hawawezi kujitia joto. Watoto wakifika wiki ya pili na ya tatu, safari zake zinarefuka, na saa kadhaa za kutoonekana si ajabu. Kutokuwepo kwake ndiko kunakotengeneza maziwa.

Kuna sababu nyingine ya wewe kutomwona, nayo ni wewe mwenyewe. Wachumaji huingia shambani asubuhi kwa kundi, wakizungumza, pengine na mbwa nyuma yao. Paka aliyezoea kufukuzwa jikoni hawezi kukaa hapo akukodolee macho. Amejibanza kwenye ua au katikati ya mabingobingo, na huenda anakuona vizuri kuliko unavyoweza kumwona. Ukimkosa machoni usiseme hayupo. Sema tu kwamba wewe upo, na kwamba hatakuja mpaka uondoke.

Halafu kuna suala la kuhama, ambalo nadhani ndilo chanzo cha watoto wengi wanaookotwa wakiwa mmoja mmoja. Paka jike huhamisha watoto wake mara kadhaa kabla hawajaanza kutembea. Siafu wakipanda baada ya mvua, atahama usiku huo huo. Mkianza kupogoa mchai aliozalia chini yake, atahama. Watoto wa shule wakigundua kiota na kuanza kuchungulia, atahama. Naye hubeba mmoja tu kwa safari moja, akimng'ata ngozi ya shingo, anamfikisha, anarudi kwa mwingine. Akikutana na mbwa au kundi la watu katikati ya njia, humweka chini aliye naye au humwacha aliyebaki, anajificha, anangoja pawe kimya. Wewe unapita wakati huo huo. Unachokiona ni mtoto mmoja juu ya udongo mtupu, na unaapa kwamba ametupwa.

Kwa hiyo kabla ya kunyoosha mkono, soma kwanza kilicho mbele yako. Mtoto wa paka akizaliwa ana uzito wa gramu 100 hivi, masikio yamelala na macho yamefungwa. Kitovu kilichokauka hudondoka baada ya siku 3 hadi 5. Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14, na masikio husimama taratibu baada ya hapo. Kwenye wiki ya 3 anaanza kusimama kwa kuyumba na meno ya mbele yanachomoza. Umri huu si mapambo. Ndio unaokuambia una muda gani wa kungoja, maana mwenye kitovu bado hukosa joto upesi, na mwenye kuyumba kwa miguu yake anaweza kuvumilia nusu siku mahali pakavu bila kudhurika.

Kisha mtazame hali yake. Mtoto aliyenyonya karibuni ana tumbo la mviringo, manyoya masafi, na amelala. Akiguswa hulia, kisha hutulia tena. Anayelia mfululizo bila kupumzika ana njaa au baridi, na pengine mama amechelewa. Lakini mbaya zaidi ni yule asiyelia kabisa na ambaye hata ukimgusa hatikisiki. Watu huona kimya hicho na kusema ametulia, kumbe joto limemwisha. Tofauti unaipata kwa kidole kimoja safi: mguse midomo, kisha tia ncha ya kidole kinywani. Mtoto mwenye nafuu ana kinywa chenye vuguvugu na hujaribu kunyonya. Kinywa cha baridi ni dharura, mama awe karibu au mbali. Dharura nyingine ni vitu vyeupe vidogo vilivyoshikamana kwenye manyoya, hasa karibu na mkia na macho. Hayo ni mayai ya nzi, na mama anayemlamba mtoto wake kila mara hayaachi yakae.

Tuchukue asubuhi moja tuifuate mpaka mwisho. Tuseme ni saa tatu, shamba la chai linaloteremka kuelekea mtoni, na mvua ilinyesha usiku. Katikati ya mistari miwili kuna mtoto wa paka mmoja. Macho yamefunguka nusu, kitovu hakipo, masikio bado madogo: umri wake ni siku 8 hadi 12. Tumbo limejaa. Manyoya ni makavu, na hili ndilo jambo ambalo mchumaji mwenye haraka hulipita. Majani ya chai yanachuruzika maji, udongo ni tope, lakini mtoto ni mkavu. Asingeweza kulala hapo usiku kucha. Amewekwa hapo baada ya mvua kukatika, na hakuna wa kumweka ila mama yake. Tazama na mahali penyewe: hakuna nyasi zilizolalishwa, hakuna shimo, hakuna manyoya yaliyokusanyika. Hapo si kiota, ni njiani. Ushahidi wote unasema paka alikuwa anahama, akasikia sauti zenu, akamweka chini.

Basi wachumaji wahamie upande wa pili wa shamba, mbwa afungwe, na mmoja tu abaki kutazama kutoka mbali, hatua 30 au zaidi, akiwa amekaa bila kupungiana mikono na wenzake. Akiwa hana muda wa kukaa, atumie jivu. Achukue jivu kavu lililopoa, au unga wa mahindi kama hauonei uchungu, alisambaze kwa tabaka jembamba kumzunguka mtoto kwa umbali wa hatua moja, bila kuacha mwanya. Lisimwangukie mtoto, kwa sababu jivu la kuni likilowa huchoma macho na ngozi. Kisha aende zake.

Akirudi saa tano, asome jivu kabla ya kutazama mtoto. Unyayo wa paka ni wa mviringo, vidole vinne, na kucha hazionekani kwa kuwa huzirudisha ndani akitembea. Mbwa pia ana vidole vinne, lakini unyayo wake ni mrefu na alama za kucha zinaonekana mbele. Nguchiro huacha alama ndogo zenye kucha ndefu. Tuseme nyayo za paka zimefika ukingoni mwa jivu, zikazunguka kidogo, zikarudi zilikotoka, na mtoto bado yupo. Hapa ndipo wengi hushindwa na subira na kutamka: amekuja, amemwona, amemkataa! Sivyo. Paka aliyekataa mtoto hasogei akazunguka. Amekuja, akasikia mtu akikohoa mistari michache kando, akarudi nyuma. Jibu lake ni kwenda mbali zaidi. Wachumaji wabebe vikapu vyao kwenda kwenye kituo cha kununulia chai kama ilivyo desturi, shamba libaki kimya. Wakirejea na kukuta nyayo za paka zikiingia na kutoka, mtoto hayupo, wala hakuna damu wala manyoya yaliyotapakaa, shauri limekwisha.

Angejitokeza mtu hapa akaniuliza: na mvua je? Ni swali la haki, kwa sababu huku mvua ya alasiri haiombi ruhusa, na mtoto wa paka aliyelowa hupoa haraka kuliko mtu anavyodhani. Mawingu ndiyo saa yako. Lakini kumkinga na mvua hakukulazimu kumpeleka nyumbani. Ndoo au katoni iliyolazwa ubavu, gunia kavu ndani, mdomo ukitazama upande ambao mvua haitokei, iwekwe pale pale au hatua mbili kutoka hapo penye mwinuko. Mama atamsikia na kumfikia. Ukimfungia jikoni, hata akilia vipi, mama ataishia kuzunguka nyumba usiku, na mtamfukuza kwa kifuniko cha sufuria mkidhani amekuja kuiba omena.

Muda wa kungoja nautoa kwa uamuzi wangu, kwa siku isiyo na mvua. Mwenye kitovu au macho yaliyofumba, saa mbili, na umguse kinywa kila baada ya nusu saa. Aliyefungua macho, saa nne hadi sita. Anayetembea imara na kunguruma akikuona, ngoja mpaka usiku uingie na upite, kwa kuwa paka wengi huhamisha watoto gizani. Yote haya ni kwa mtoto mwenye joto. Aliyepoa hangojewi.

Sasa nije kwenye harufu ya mkono. Ingekuwa kweli kwamba paka humkataa mtoto aliyeguswa na mtu, hakuna paka hata mmoja anayezaa jikoni angelea watoto wake, maana watoto wa boma huwashika kutwa nzima, huwavalisha vitambaa, huwarudisha, na mama huwalamba na kuwanyonyesha. Kila mtu Nyacheki ameliona hili. Ajabu ni kwamba ushahidi wa jikoni hauvuki kizingiti kufika shambani.

Najua imani hiyo inakotoka, na haikutoka hewani. Mtu anagundua kiota, anawashika watoto, kesho yake anarudi na kukuta patupu. Anasema mama amewala. Kumbe mama amewahamisha, kama afanyavyo kila pakiingiliwa. Au mtu anamchukua mtoto asubuhi, anamzungusha shambani kwenye kiganja, anamwonyesha huyu na yule, na jioni anamrudisha akiwa baridi kama jiwe. Mama anamnusa na kumwacha. Hapo kweli amekataliwa, lakini sababu ni baridi. Mtoto aliyepoa hanyonyi, hatikisiki, hatoi sauti, na paka humtendea kama aliye mgonjwa au aliyekufa. Paka hukataa watoto wagonjwa, na paka aliyezaa kwa mara ya kwanza huweza kuwaacha kwa kuchanganyikiwa. Hayo nayakubali yote. Ninachokataa ni kuisingizia harufu ya sabuni yako.

Ndiyo maana mtoto anayerudishwa hurudishwa akiwa na joto. Mtie ndani ya shati, kifuani, ngozi kwa ngozi, au mweke kwenye sanduku lenye chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa sweta, upande mmoja tu ili aweze kujisogeza akiona joto limezidi. Usimweke mbele ya moto wa jiko. Mpe saa moja au mbili apate joto polepole, na katika muda huo usimpe chochote mdomoni. Hili la mwisho wengi huliona kama ukatili, lakini tumbo la mtoto aliyepoa limesimama kufanya kazi. Maziwa hayasagiki, yanachacha ndani, au yanapitia njia ya hewa na kumziba mapafu. Watoto wengi waliofukiwa nyuma ya migomba waliuawa na kijiko cha kwanza cha maziwa, kabla hata ubora wa maziwa yenyewe haujaanza kuwa tatizo.

Na ubora wenyewe ni tatizo. Maziwa ya paka yana protini takriban mara mbili ya maziwa ya ng'ombe. Ya ng'ombe humharisha mtoto wa paka na kumnyima anachohitaji kukua, na ukiyatia maji ili yawe mepesi, umeupunguza hata ule uzito mdogo yaliokuwa nao. Mtoto wa wiki moja hunyonya kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Hajui kukojoa wala kwenda haja mpaka alambwe chini ya mkia, kwa hiyo anayemlea lazima ampanguse kwa kitambaa chenye vuguvugu baada ya kila mlo. Sijakutana na mchumaji wa chai mwenye nafasi hiyo. Wala hakuna nyumba ya kulelea watoto wa paka hapa karibu. Makazi ya KSPCA yapo Karen, Nairobi, karibu kilomita 300 kutoka hapa, na mtoto wa siku kumi hawezi kungoja basi la usiku. Kwa Nyacheki, mama yake ndiye hospitali.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani wangu si ya harufu. Wanasema paka wamezidi, na kwamba kuwaondoa watoto ni kupunguza. Lakini paka jike akipoteza watoto wake, maziwa hukauka na ndani ya wiki chache huweza kuingia joto tena. Mimba yake ni kama siku 63 hadi 65. Anayemwokota mtoto wa Machi anaharakisha watoto wa Juni. Anayetaka paka wapungue amwache anyonyeshe, watoto waachishwe kwenye wiki ya 8, kisha amtafute daktari wa mifugo amfunge uzazi yeye, na watoto wake majike kabla hawajafikisha miezi minne.

Yapo mayatima wa kweli, na kuwakana ni uongo wa upande wa pili. Ukimwona paka jike amegongwa barabarani na chuchu zake zimevimba, nyuma yake kuna watoto. Jirani akiweka sumu ya panya ghalani, paka anayekula panya aliyelewa sumu huweza kufa siku chache baadaye akiwa mbali na kiota. Jivu likimaliza muda wote wa kungoja nilioutaja bila unyayo, watoto wanalia na matumbo yamenywea, mama hayupo tena. Hapo okota bila kusita. Wape joto, kisha usikimbilie chupa. Uliza kwenye maboma kama kuna paka mwingine anayenyonyesha. Paka hupokea watoto wa mwenzake kwa urahisi kuliko wanyama wengi, hasa umri ukikaribiana. Wachanganye na wake wakiwa na joto, naye akiwa ametoka kidogo, akirudi awakute wamebanana. Asiyempata paka wa namna hiyo aende mjini Kisii kutafuta maziwa ya unga ya watoto wa paka, na amnyweshe mtoto akiwa amelala kifudifudi, kamwe si chali kama mtoto wa mtu.

Tahadhari moja kwa wote wanaokaribia kiota: mama akikuta mkono wako hapo atauma. Jeraha la meno au kucha za paka usiyemjua lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na siku hiyo hiyo ufike hospitali, kwa sababu ya kichaa cha mbwa.

Na wewe ambaye tayari unaye kwenye katoni jikoni, uliyemwokota jana au leo asubuhi, hujachelewa. Maziwa ya mama hayakauki kwa siku moja, na huenda bado anazunguka pale ulipomtoa akiita. Hakikisha kinywa cha mtoto kina joto, mrudishe kabla ya jua kuzama, mahali pale pale, ndoo ikiwa imelazwa ubavu na gunia ndani. Mwaga jivu lako, umfunge mbwa, uondoke.